Nitrati kwa Kisima, Dikromati kwa Majitaka

Mafunzo kwa vitendo ya ubora wa maji hupewa muda mfupi katika ratiba ya mwanafunzi wa afya ya mazingira. Mara nyingi ni alasiri moja au mbili, chupa chache za maji yaliyochotwa mitaani, na kalorimita moja inayozungukwa na wanafunzi wengi. Kwa kuwa mashine hiyo hiyo husoma vipimo vingi, kishawishi ni kuvifanya vyote: kila sampuli hupitishwa katika kila kipimo kilichopo kabatini, kisha jedwali hujazwa kwa tarakimu. Vipimo viwili hukaa bega kwa bega katika kabati hilo. Kimoja ni cha nitrati. Kingine ni cha hitaji la oksijeni kikemikali, ambacho kwenye mashine na katika ripoti huandikwa COD. Vyote viwili huishia katika rangi inayopimwa kwa mwanga, na huenda ndiyo sababu hudhaniwa kuwa ndugu.

Si ndugu. Kila kimoja hujibu swali lake, na katika maji ya kisima kimoja kinaweza kunyamaza kabisa huku kingine kikionyesha hatari. Mwalimu mwenye alasiri moja na maji ya kisima angefanya vyema kuitumia yote kwa nitrati, na kuipeleka COD mahali penye majitaka. Sababu ziko chini ya ardhi, kati ya choo cha shimo na kisima.

Mkojo una nitrojeni nyingi, hasa katika umbo la urea. Shimoni, urea hugeuka kuwa amonia kwa muda mfupi. Maji ya shimo yanapopenya katika udongo wenye hewa, bakteria huigeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitriti kuwa nitrati. Wakati huo huo bakteria wengine hula mabaki ya kinyesi, yaani ile kaboni iliyokuwa chakula, na kuimaliza. Mchanga nao huchuja chembe. Nitrati haishikwi na udongo. Huyeyuka na kusafiri na maji hadi kwenye mkondo wa chini. Maji yanapofika kisimani huwa yamekwisha kusafishwa kwa sehemu kubwa: ni maangavu, hayana harufu, wala hayana kaboni ya kutosha kuitia mashaka maabara. Kilichobaki ni nitrati, ambayo haina rangi, haina harufu, na kwa viwango vya kawaida haina ladha ya kumshtua mtu.

Sasa itazamwe COD. Mililita 2 za sampuli hutiwa katika mrija wenye dikromati ya potasiamu, asidi kali ya salfuriki, salfeti ya fedha ya kuharakisha mmenyuko, na salfeti ya zebaki. Mrija hufungwa na kupashwa moto kwa nyuzi 150 za Selisiasi kwa saa 2. Dikromati huchoma kaboni yote inayoweza kuchomwa, na kadiri inavyotumika ndivyo rangi yake ya machungwa inavyopungua na kijani cha kromiamu kinavyoongezeka. Katika mirija ya viwango vidogo mashine hupima upungufu wa ile rangi ya njano kwa mwanga wa nanomita 420. Katika mirija ya viwango vikubwa hupima ongezeko la kijani kwa nanomita 600 au 620. Jibu hutolewa kama miligramu za oksijeni ambazo zingehitajika kufanya kazi hiyo hiyo katika lita moja ya maji.

Dikromati huchukua elektroni kutoka kwa chochote kilicho tayari kuzitoa. Nitrati haina elektroni ya kutoa, kwa sababu nitrojeni yake imekwisha kuoksidishwa hadi mwisho. Kwa dikromati, nitrati ni jivu: kitu kilichokwisha kuungua. Maji yenye miligramu 100 za nitrati katika lita yanaweza kupita katika mrija wa COD na kutoka na jibu lililo karibu na sifuri. Mwanafunzi anayeliona jibu hilo, na aliyeambiwa darasani kwamba COD ni kipimo cha uchafuzi, ataandika kwamba kisima hakijachafuliwa. Atakuwa amesoma mashine sawasawa na kuelewa maji kinyume.

Ukanda wa pwani una mtego wa pili. Maji ya visima vingi karibu na bahari yana chumvi, na kloridi ya chumvi hiyo huipa dikromati elektroni kwa furaha. Gramu 1 ya kloridi hutumia oksijeni gramu 0.226. Kisima chenye kloridi miligramu 800 katika lita kinaweza basi kuonyesha COD ya uongo ya miligramu 181, ambayo ni mara tatu ya kiwango cha miligramu 60 kinachoruhusiwa nchini Tanzania kwa majitaka yanayomwagwa katika mazingira. Zebaki imo mrijani kwa ajili hiyo: hukamata kloridi isichomwe, na mirija ya kawaida huhimili kloridi hadi karibu miligramu 2,000 katika lita. Ikinunuliwa mirija isiyo na zebaki bila kuliangalia jambo hili, maji ya chumvi yatasomeka kama maji ya choo. Kwa hiyo kipimo kile kile, katika kisima kile kile, chaweza kumpa mwanafunzi sifuri asiyostahili kuiamini au mamia asiyostahili kuyaogopa.

Hayo hayaifanyi COD kuwa kipimo kibaya. Yaifanya kuwa kipimo cha mahali pengine. Mahali pake ni kwenye mabwawa ya kutibu majitaka kama yale ya Vingunguti jijini Dar es Salaam, kwenye mfereji wa machinjio, au kwenye bomba la majitaka la hospitali. Huko kaboni bado ni mbichi na nyingi, na nitrojeni karibu yote ingali amonia, kwa hiyo mtu akipima nitrati kwenye mlango wa kuingilia bwawani atapata kidogo sana au hatapata kitu. Picha imegeuzwa: COD inasema, nitrati iko kimya. Mwanafunzi aliyeyaona mambo haya mawili kwa macho yake, kisimani na bwawani, ameelewa kwamba COD huonyesha uchafu uliofika juzi, na nitrati huonyesha uchafu uliofika zamani ukabadilika njiani.

Bwawani pia kuna somo ambalo kisima hakiwezi kulitoa. Maji yanayotoka katika bwawa la mwisho mara nyingi huwa ya kijani kwa sababu ya mwani. Yakipimwa bila kuchujwa, COD inahesabu na mwani wenyewe, na bwawa linalofanya kazi vizuri linaweza kuonekana limeshindwa. Yakichujwa kwanza, tofauti ya majibu mawili ndiyo sehemu ya mwani. Hapo mwanafunzi hujifunza kuuliza ni nini hasa kilichochomwa, swali ambalo jedwali la vipimo kumi halimpi nafasi ya kuliuliza. Mirija minne yatosha darasa zima: maji yanayoingia, yanayotoka bila kuchujwa, yanayotoka yakiwa yamechujwa, na myeyusho sanifu wa kuikagua kazi. Wa mwisho ni rahisi: gramu 0.425 za potasiamu hidrojeni fthaleti katika lita moja ya maji yaliyokenekwa hutoa COD ya 500, na mkono ulioipata 480 au 520 unaweza kuaminiwa na yale mengine.

Nitrati nayo haina rangi ya kupimwa moja kwa moja, hivyo hulazimishwa kuitengeneza. Njia iliyozoeleka zaidi kwenye kalorimita ndogo hutumia unga wenye chembe za kadimiamu. Kadimiamu huirudisha nitrati kuwa nitriti, na nitriti huungana na kemikali nyingine za unga kutoa rangi. Msingi wake ni mmenyuko alioueleza Peter Griess mwaka 1879, mkemia Mjerumani aliyeajiriwa katika kiwanda cha bia huko Uingereza. Katika mbinu ya viwango vikubwa rangi ni ya kaharabu na husomwa kwa nanomita 500. Hupima hadi miligramu 30 za nitrojeni ya nitrati katika lita. Maabara yenye spektrofotomita ya mwanga wa urujuanimno inaweza kupima nitrati bila kemikali za rangi kabisa, kwa nanomita 220, ikisahihishwa kwa usomaji wa nanomita 275. Njia hiyo yafaa kwa maji maangavu ya kisima na haifai kwa majitaka. Lakini afisa afya wa wilaya huenda asiikute mashine hiyo kazini kwake. Kalorimita ya mkononi ataikuta.

Kwa nini nitrati istahili alasiri nzima? Mwaka 1945 daktari Hunter Comly wa Iowa, Marekani, aliripoti watoto wachanga waliogeuka rangi ya bluu, ambao maziwa yao yalichanganywa kwa maji ya visima yenye nitrati nyingi. Ndani ya mwili nitrati hugeuka nitriti, na nitriti hubadilisha himoglobini kuwa methemoglobini, ambayo haibebi oksijeni. Mtoto wa chini ya miezi 6 ndiye aliye hatarini zaidi, kwani kimeng'enya cha kuirudisha himoglobini katika hali yake bado ni dhaifu kwake. Mwaka 1951 Graham Walton alikusanya taarifa za visa vya namna hiyo nchini Marekani, na hakukuta kisa kilichohusishwa na maji yenye chini ya miligramu 10 za nitrojeni ya nitrati katika lita. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa miligramu 50 za nitrati katika lita unasimama juu ya ushahidi wa aina hiyo.

Msomaji makini ataona kwamba aya iliyotangulia ina namba mbili, 10 na 50, na kwamba moja imeitwa nitrojeni ya nitrati na nyingine nitrati. Hapo ndipo palipo na kosa la hatari kuliko yote katika kipimo hiki, na ndipo alasiri inapostahili kutumiwa.

Uchukuliwe mfano wa kisima kifupi katika mtaa wenye vyoo vya shimo, kilomita chache kutoka ufukweni. Maji ni maangavu, yana chumvi kidogo mdomoni. Mama mwenye mtoto wa miezi 2 anayelishwa maziwa ya kopo ameuliza kama yanafaa. Wanafunzi wanachota, wanaweka chupa katika boksi la barafu, na wanapima siku hiyo hiyo. Wangelazimika kuchelewa, maji yangekaa kwenye nyuzi 4 na kupimwa ndani ya saa 48. Chupa yao imesuuzwa kwa maji ya kisima chenyewe. Haikusafishwa kwa asidi ya nitriki, kama baadhi ya maabara zinavyozoea kufanya kwa vipimo vya metali, kwa kuwa tone la asidi hiyo lililobaki chupani ni nitrati tupu.

Mililita 10 za maji hutiwa katika kichupa cha mashine. Kwa maji hayo hayo, kabla ya unga, mashine hurekebishwa isome sifuri, ili rangi au ukungu wa maji yenyewe usihesabiwe. Unga hutiwa, kichupa hutikiswa kwa nguvu kwa dakika moja, kisha huachwa kwa dakika 5. Dakika hiyo ya kutikisa si ibada tupu. Chembe za kadimiamu haziyeyuki. Nitrati lazima ipelekwe hadi kwenye uso wa chembe, na mwanafunzi anayetikisa kwa uvivu atapata jibu dogo kuliko la mwenzake kwa maji yale yale. Inafaa wanafunzi wawili wapewe sampuli moja ili waione tofauti ya mikono yao. Baada ya dakika 5 kichupa hupanguswa alama za vidole na kusomwa.

Mashine inaonyesha 18. Mwongozo unasema 50. Mwanafunzi anaandika: salama.

Lakini pembeni ya ile 18, kwa herufi ndogo, pameandikwa `NO3-N`. Mashine imehesabu uzito wa nitrojeni peke yake, bila oksijeni tatu zilizoambatana nayo. Mwongozo wa 50 huhesabu nitrati nzima. Uzito wa nitrati ni 62 na wa nitrojeni ni 14, hivyo namba ya mashine huzidishwa kwa 4.43. Kumi na nane mara 4.43 ni karibu 80. Maji yaliyoitwa salama yamevuka mpaka kwa zaidi ya nusu. Hakuna kemikali iliyoharibika wala mashine iliyopotoka; herufi moja ndogo ndiyo iliyosahauliwa, na mama angerudi nyumbani na jibu la maabara mkononi akaendelea kukoroga maziwa.

Na 80 nayo haijawa jibu la mwisho. Maji yalikuwa na chumvi. Katika mbinu hii ya kadimiamu, kloridi ikizidi miligramu 100 katika lita hushusha usomaji. Namna ya kujua si kubahatisha. Ni kuongeza kiasi kinachojulikana na kuona kama kinaonekana. Gramu 7.218 za nitrati ya potasiamu iliyokaushwa, zikiyeyushwa katika lita moja, hutoa myeyusho wenye nitrojeni miligramu 1,000. Mililita 0.2 za myeyusho huo zikitiwa katika mililita 25 za maji ya kisima, nitrojeni huongezeka kwa karibu miligramu 8 katika lita. Usomaji ungepaswa kupanda kutoka 18 hadi karibu 26. Mashine inaonyesha 24.3. Katika nane zilizoongezwa, sita na ushei tu ndizo zilizoonekana, yaani kama asilimia 80. Kama nitrati iliyoongezwa mbele ya macho inafichwa kwa kiasi hicho, ile iliyokuwamo tangu awali inafichwa vilevile.

Basi maji yanachanganywa: sehemu moja ya kisima kwa sehemu nne za maji yaliyokenekwa. Kloridi hupungua mara tano na kizuizi hulegea. Mashine sasa inasoma 4.5; ikizidishwa kwa tano ni 22.5, na 22.5 mara 4.43 ni karibu miligramu 100 za nitrati katika lita. Maji hayo yana nitrati mara mbili ya mwongozo. Sampuli moja imetoa 18, kisha 80, kisha 100, na kila hatua ilikuwa na sababu inayoelezeka. Hakuna kati ya hatua hizo iliyohitaji kifaa kipya. Zilihitaji muda, na muda ndio unaomezwa pale darasa linapotakiwa kufanya vipimo kumi.

Pingamizi lipo, na ni la haki: mtaala unataka mwanafunzi avijue vipimo vyote, na mtihani unaweza kumuuliza COD. Lakini kuijua COD hakutokani na kuipima katika maji ambayo haina la kusema juu yake. Mirija minne ya bwawani inafundisha zaidi ya mirija ishirini ya kisima. Pingamizi jingine ni kwamba kisima kina hatari kubwa kuliko nitrati, yaani vijidudu. Hilo ni kweli kabisa. Nitrati haiwezi kuchukua nafasi ya kipimo cha bakteria wa kinyesi, na kisima chenye nitrati kidogo hakijapewa cheti cha usafi. Kipimo cha bakteria hata hivyo hungoja saa 18 hadi 24 ndani ya kiatamizi, na katika kungoja huko ndimo alasiri ya nitrati inamokaa vizuri.

Kwa mhudumu wa zahanati na kwa mgonjwa, tofauti kati ya hatari hizi mbili ina uzito wa kila siku, kwa sababu dawa ya moja huizidisha nyingine. Maji yenye vijidudu huchemshwa. Maji yenye nitrati yakichemshwa, mvuke huondoka na nitrati hubaki sufuriani. Lita 2 zenye miligramu 100 katika kila lita, zikichemshwa hadi zikabaki lita 1.6, huwa na miligramu 125 katika lita. Mama aliyefuata ushauri wa kuchemsha kwa uaminifu, akachemsha kwa muda mrefu ili awe na hakika, amemwongezea mtoto nitrati. Klorini haiiondoi pia, wala kuchuja kwa kitambaa. Kinachofaa kwa maziwa ya mtoto huyo ni maji ya chanzo kingine ambacho nitrati yake imepimwa, nayo yachemshwe kwa ajili ya vijidudu. Mtoto anayenyonya maziwa ya mama peke yake yuko katika hifadhi kubwa, kwa kuwa nitrati haikusanyiki katika maziwa ya mama kwa kiasi cha kutisha hata mama akinywa maji hayo. Mama anayenyonyesha asiachishwe kwa sababu ya kisima.

Akiletwa mtoto mwenye midomo ya bluu au kijivu ambaye kupewa oksijeni hakumrudishii rangi, swali la maji liulizwe mapema. Damu yake ikitolewa huwa ya rangi ya chokoleti, wala haiwi nyekundu inapokaa hewani. Kile kipimaoksijeni cha kidoleni hakimsaidii mtu hapa kama anavyotarajia, na sababu ni ya kalorimita ile ile: kifaa hicho nacho hupima rangi, kwa kulinganisha mwanga mwekundu na mwanga usioonekana. Methemoglobini hufyonza miale yote miwili karibu sawa, na kifaa kikichanganyikiwa hivyo huelekea kuonyesha karibu asilimia 85, hali ya mtoto iwe mbaya kiasi gani. Mtoto wa namna hiyo apelekwe hospitali bila kungoja jibu la maji. Dawa ni bluu ya methilini, miligramu 1 hadi 2 kwa kila kilo ya uzito, inayotolewa polepole kwenye mshipa kwa uamuzi wa daktari. Na kwa kuwa upungufu wa G6PD si haba katika ukanda wetu wa malaria, daktari hutakiwa kuukumbuka, maana kwa mwenye upungufu huo dawa yenyewe inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu. Ikumbukwe pia kwamba kuhara kukali peke yake kunaweza kumletea mtoto mchanga hali hiyo hiyo. Kisima kisihukumiwe kabla ya kupimwa.

Limebaki jambo ambalo kwa kawaida huachwa hadi wanafunzi wawe wameondoka. Mrija uliotumika wa COD una zebaki, kromiamu, fedha na asidi. Kichupa kilichotumika cha nitrati kina kadimiamu. Vyote hivi ni sumu kuliko maji yoyote yaliyoletwa kupimwa, na sinki la maabara huishia katika mabwawa yale yale, au katika shimo lililo jirani na kisima fulani. Darasa la wanafunzi arobaini likipima COD ya kisima, kila mmoja na mrija wake, limetengeneza mirija arobaini ya zebaki ili kupata sifuri arobaini. Likipima mirija minne ya bwawani, mzigo ni wa sehemu ya kumi. Mirija ya COD irudishwe katika boksi lake ikiwa imefungwa vilevile, ihifadhiwe imesimama hadi ichukuliwe na mwenye kibali cha taka hatarishi. Maji ya nitrati pamoja na chembe zake yamiminwe katika chupa moja ya plastiki yenye mfuniko, ibandikwe neno "kadimiamu" na tarehe, na kusuuzwa kwa kwanza kwa vichupa kuingie humo humo. Chupa hiyo iwekwe mezani kabla unga wa kwanza haujafunguliwa, kwani ikitafutwa baadaye sinki huwa karibu zaidi.